Foleni ya printa imekwama: uanzishe upya Print Spooler, usafishe folda yake, au uristati kompyuta nzima?

Umebofya `Cancel`. Kompyuta imekuuliza kama una uhakika, ukajibu ndiyo. Hati imeandikwa `Deleting`, na imebaki hivyo hivyo tangu dakika ya kwanza hadi ya kumi. Nyuma yake zimejipanga hati nyingine sita, na kila unachotuma kinakwenda kukaa mkiani.

Ninaendesha steshenari ndogo jirani na chuo, Dar es Salaam, na hali hiyo naijua vizuri kuliko ninavyopenda. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, wanafunzi wanakuja na fomu ndefu, vyeti vilivyoskaniwa na haraka zao. Printa ikikwama saa nane mchana, kila mtu dukani anakuwa fundi. Mmoja atakuambia chomoa waya, wa pili zima kompyuta, wa tatu ameona sehemu kwamba kuna kitu kinaitwa spooler. Wote wana ukweli kidogo. Ila njia hizo si sawa, na ukichagua isiyofaa utarudi palepale ulipoanza, tena ukiwa umepoteza kazi za wateja wengine.

Hapa nalinganisha njia tatu kwa kompyuta za Windows 10 na 11: kuanzisha upya huduma ya Print Spooler peke yake, kuisimamisha, kufuta mafaili yake, ndipo kuiwasha, na kuristati kompyuta yote. Kwanza tuone kilichokwama ni nini, maana uchaguzi wote unategemea hapo.

Mzigo na stakabadhi yake

Ukibofya kuprinti, Word au kisoma PDF hakizungumzi na printa moja kwa moja. Kazi inakabidhiwa kwa Print Spooler, ambayo ukifungua Task Manager utaiona kwa jina `spoolsv.exe`. Mfikirie karani wa mizigo kwenye ofisi ya mabasi: anapokea, anaandika, anapanga, anapakia. Kwa kila kazi anaweka mafaili mawili kwenye folda hii:

```
C:\Windows\System32\spool\PRINTERS
```

Faili linaloishia na `.SPL` ni mzigo wenyewe, yaani kurasa zilizoandaliwa kwa ajili ya printa. Linaloishia na `.SHD` ni stakabadhi: nani katuma, kwenda printa ipi, hati inaitwaje, kwa mipangilio gani. Majina yake huwa ya namba, mathalani `00012.SPL` na `00012.SHD`, wakati mwingine yakiwa na herufi `FP` mbele.

Sasa, kwa nini kufuta kunakataa? Kwa sababu karani ameushika mzigo mkononi. Anausukuma kwa printa ambayo haipokei: karatasi imejikunja ndani, waya wa USB umelegea, au printa ya waifai imepewa anwani mpya na rauta na hakuna mtu kwenye ile ya zamani. Wewe umemwambia autupe, naye ameandika `Deleting`, lakini mikono bado haijaachia. Anasubiri jibu kutoka upande wa pili, na jibu haliji.

Jambo la pili la kushika ni kwamba mafaili hayo yako kwenye diski, hayako kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ndiyo maana umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta ikiwaka unaona foleni ileile imerudi. Huduma inapowaka husoma stakabadhi ilizozikuta na kuendelea na safari. Kwa siku za kawaida huo ni msaada. Kwa siku ya foleni kukwama, hapo ndipo penye tatizo lenyewe.

Njia tatu kwa jicho moja

| | Kuanzisha upya tu | Kusimamisha, kufuta, kuwasha | Kuristati kompyuta |
|---|---|---|---|
| Muda | Sekunde chache | Dakika moja au mbili | Dakika kadhaa, zaidi kwa mashine ya zamani |
| Kazi iliyokwama | Huweza kurudi | Inaondoka | Huweza kurudi |
| Kazi nyingine kwenye foleni | Zinabaki | Zinaondoka, usipochagua cha kufuta | Zinabaki |
| Ruhusa ya msimamizi | Inahitajika | Inahitajika | Haihitajiki |
| Programu zilizo wazi | Haziguswi | Haziguswi | Zinafungwa zote |

Jedwali limeficha mambo mawili ambayo nitayarudia: kumbukumbu iliyo ndani ya printa yenyewe, na duka lenye kompyuta zaidi ya moja.

Kuanzisha upya tu

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `services.msc`, kisha Enter. Kwenye orodha ndefu itakayofunguka, bonyeza herufi P mpaka ufike `Print Spooler`. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Restart`. Anayependa amri anaweza kufungua PowerShell kama msimamizi na kuandika:

```
Restart-Service Spooler -Force
```

Matokeo ni yaleyale. Karani amefukuzwa kazi na mwingine ameingia zamu, lakini mizigo yote bado iko sakafuni. Karani mpya anaokota stakabadhi moja moja. Mara nyingine anakuta ile kazi imeshawekewa alama ya kufutwa, anaimalizia, na foleni inatembea kana kwamba hakukutokea kitu. Mara nyingine anaiona kama kazi hai, anaanza kuituma upya, na anakwama palepale alipokwama mwenzake.

Mimi huanza na njia hii nikiwa na kazi nyingine nyuma ambazo sitaki kuzipoteza, hasa zile ambazo mteja ameshaondoka na flashi yake. Naijaribu mara moja. Kama baada ya kuwaka hati bado ipo na imeandikwa `Deleting` au `Error`, sijaribu mara ya pili. Kurudia hakubadilishi kilichoko kwenye diski.

Kusimamisha, kufuta, kuwasha

Hii ndiyo dawa ya hati inayokataa kufa, na ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kituo.

Mwaka jana alikuja dada mmoja na PDF ya kurasa 64, vyeti na viambatanisho vilivyoskaniwa kwa rangi. Faili lenyewe lilikuwa na MB 9 tu. Nikatuma kwenye printa ya leza iliyoungwa kwa USB. Zikatoka kurasa 30, ikasimama. Taa inawaka na kuzima, foleni inaonyesha `Deleting - Printing`, na nyuma yake kuna kazi tano za watu wengine.

“Kaka, mbona imenyamaza?”

“Subiri kidogo dada, inafikiri.”

Haikuwa inafikiri. Nilianzisha upya huduma, hati ikarudi na kutema ukurasa mmoja wa herufi zisizosomeka, ikasimama tena. Basi nikafanya hivi.

Kwanza nilizima printa kwa swichi yake na kuchomoa waya wa umeme. Kisha nikafungua `services.msc`, nikabofya `Print Spooler` kwa kitufe cha kulia, nikachagua `Stop` badala ya `Restart`. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya njia hizi mbili: huduma lazima ibaki imezimwa wakati unagusa mafaili. Ikiwa bado inafanya kazi, Windows itakuambia faili limefunguliwa kwenye `Spooler SubSystem App` na haitakubali kulifuta.

Baada ya kusimama, nilifungua ile folda ya `PRINTERS`. Windows huonya kwamba huna ruhusa, unabofya `Continue`. Ndani nikakuta jozi sita za mafaili. Badala ya kufuta zote, nilizipanga kwa saa na ukubwa. Moja ilikuwa na `.SPL` ya zaidi ya MB 200, nyingine zote hazikufika 5. Usishangae MB 9 kugeuka 200: PDF hubana picha, na inapogeuzwa kuwa kurasa za printa ubanaji ule unafunguliwa. Ile kubwa, yenye saa ya mapema zaidi, ndiyo ilikuwa ya yule dada. Nikafuta `.SPL` yake pamoja na `.SHD` yenye namba ileile, nikaziacha nyingine. Ukifuta mzigo ukaacha stakabadhi, au kinyume chake, unamwachia karani kitendawili, kwa hiyo futa vyote viwili.

Nikarudi kwenye huduma, nikachagua `Start`, nikawasha printa. Kazi tano zilizobaki zikaanza kutoka kwa zamu.

Kama hakuna cha kuokoa kwenye foleni, futa vyote vilivyomo. Lakini ni vilivyomo ndani ya `PRINTERS` tu. Folda yenyewe iache, na majirani zake walioko ndani ya `spool`, kama `drivers` na `prtprocs`, usiwaguse kabisa. Humo ndimo zilimo draiva, na ukizifuta utahama kutoka foleni iliyokwama kwenda printa isiyotambulika.

Kwa anayefanya hivi mara kwa mara, amri zinaokoa muda. Fungua Notepad, andika mistari hii, hifadhi kwa jina `safisha.bat`, na kila ukiitaka bofya kulia na uchague `Run as administrator`:

```
net stop spooler /y
del /Q /F "%systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*"
net start spooler
pause
```

Hiyo `/y` inajibu ndiyo endapo huduma nyingine inayoitegemea spooler, kama ya Fax, inabidi isimame nayo. `pause` nimeiweka makusudi ili dirisha lisifunge kabla hujasoma. Watu wengi wanabofya, wanaona maandishi meupe yamepita, wanadhani kazi imekwisha. Soma. Ukiona `Access is denied`, hukuifungua kama msimamizi. Ukiona `The process cannot access the file because it is being used by another process`, huduma haikusimama, na faili lililoshikwa halikufutwa.

Huduma kukataa kusimama nayo hutokea. Kwenye orodha inabaki `Stopping`, na vitufe vyote vinafifia. Hapo unaivunja kwa nguvu, kwenye dirisha la amri la msimamizi:

```
taskkill /F /IM spoolsv.exe
```

Angalizo: Windows huweza kuiwasha tena yenyewe muda mfupi baadaye, ikidhani imeanguka kwa bahati mbaya. Kwa hiyo baada ya amri hiyo tazama kwanza hali yake. Ikiwa imeshawaka, isimamishe kwa njia ya kawaida. Safari hii kwa kawaida inatii, hasa kama printa umeshaizima. Ndipo uingie kwenye folda.

Kasoro ya njia hii ni kwamba haibagui printa. Spooler ni moja kwa kompyuta nzima. Ukiisimamisha, ile printa ya rangi iliyokuwa inaendelea vizuri pembeni nayo inasimama, na kwa dakika hiyo orodha ya printa inaweza kuonekana tupu. Usishtuke ukaanza kuziweka upya. Zinarudi huduma ikiwaka.

Kuristati kompyuta

Nitakuwa mfupi. Kuristati ni kuanzisha upya huduma kwa gharama kubwa zaidi. Mafaili ya foleni hayafutwi, kwa hiyo yale niliyosema juu ya njia ya kwanza yanahusu hii pia. Ukiongeza kwamba Word ya mteja inafungwa, na kwamba pengine Windows itaona hiyo ndiyo nafasi yake ya kuweka masasisho mbele ya watu kumi, utaelewa kwa nini mimi huiweka mwisho.

Hata hivyo ina mahali pake. Kijana wa dukani ambaye akaunti yake si ya msimamizi hawezi kugusa huduma, ila anaweza kuristati. Na pale ambapo draiva ya USB yenyewe imeganda, si spooler peke yake, kompyuta kuanza upya huirudisha.

Ukiamua hivyo, chagua `Restart`, si `Shut down`. Kwenye Windows 10 na 11 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ambacho kwenye mashine nyingi huwa kimewashwa tangu mwanzo. Kikiwa kimewashwa, ukizima kompyuta kwa `Shut down` sehemu ya ndani ya mfumo, pamoja na huduma zake, haifi. Inalazwa kwenye diski na kuamshwa ukiwasha. Kwa maneno mengine, karani yuleyule anaamka na mzigo uleule mkononi. `Restart` ndiyo inayoanza upya kweli. Nimeshaona watu wamezima na kuwasha mara tatu na kuapa kwamba “nimeristati kabisa,” na kwa hakika hawakuristati hata mara moja.

Printa nayo ina tumbo lake

Ule ukurasa wa herufi zisizosomeka ulitoka wapi? Sehemu ya mzigo ilikuwa imeshaingia kwenye kumbukumbu ya printa. Huduma ilipoanza upya, data mpya ilifuata nyuma ya nusu ile ya zamani, na printa ikasoma katikati ya sentensi, ikaprinti alama zilivyo. Usafishaji wa folda haufiki huko, kwa sababu tumbo la printa liko upande wa pili wa waya.

Ndiyo maana printa huzimwa kwanza na kuwashwa mwisho, kwa njia yoyote utakayochagua kati ya hizi tatu. Ukichelewa na kuizima katikati, utapoteza karatasi kadhaa tu, lakini kwenye duka linalouza kwa karatasi hizo ni hela.

Kama kompyuta ni zaidi ya moja

Ukiwa na kompyuta tatu zinazotumia printa moja iliyoshirikishwa kupitia ya kwanza, foleni yenyewe iko kwenye ile iliyoungwa na printa. Unaweza kusafisha folda kwenye kompyuta ya pili mpaka ichoke, na hati itaendelea kuonekana, kwa kuwa dirisha la foleni unalolitazama linakuonyesha yaliyoko kwenye kompyuta mama. Nenda kule. Na kabla ya kufuta vyote kule, paza sauti dukani, maana unafuta kazi za wote.

Ikikwama tena dakika hiyohiyo

Jaribio ni rahisi: fungua Notepad, andika neno moja, printi. Likitoka, njia iko wazi na tatizo lilikuwa hati. Kwa PDF nzito, Adobe Reader ina kitufe cha `Advanced` kwenye dirisha la kuprinti, na ndani yake `Print As Image`. Kurasa zinatumwa kama picha, na hati nyingi korofi hupita.

Hata neno moja likikwama, acha kusafisha foleni. Hakuna njia kati ya tatu itakayosaidia. Tazama waya, tazama karatasi, na kwa printa ya mtandao chapisha ukurasa wake wa mipangilio ulinganishe anwani iliyomo na ile iliyoandikwa kwenye kichupo cha `Ports` cha printa hiyo kwenye kompyuta. Zikitofautiana, umeipata sababu. Na kama dirisha lako la foleni lina menyu ya `Printer`, kama lile la Windows 10, hakikisha pia chini yake hakuna alama kwenye `Use Printer Offline`.

Na kuna hali moja inayofanana na kukwama ila si kukwama: hati zimeshatoka kwenye karatasi lakini hazitoki kwenye foleni. Fungua sifa za printa, kichupo cha `Advanced`, uone kama mtu ameweka alama kwenye `Keep printed documents`. Iondoe.

Yule dada sikumrudishia kurasa zote 64. Baada ya zile kazi tano kutoka, nilifungua PDF yake, kwenye sehemu ya `Pages` nikaandika `31-45`, nikasubiri zitoke, ndipo nikaandika `46-64`, safari hii kama picha. Akazihesabu mwenyewe palepale kaunta, akatoa ule ukurasa wa herufi za ajabu, akauliza kama huo nao unalipiwa. Nikamwambia huo ni wangu.